Uhamisho wa Nani? Uchambuzi wa Barua Moja kutoka Tarime

Katika kurasa hizi tumezoea kuchambua istilahi zilizotafsiriwa kutoka vitabuni. Safari hii tunapenda kuchambua karatasi ya namna nyingine, ambayo mtumishi huipokea mara chache maishani mwake na kuisoma mara nyingi sana: barua ya uhamisho. Barua tunayoijadili iliandikwa na mwajiri binafsi mwenye matawi kadhaa mkoani Mara, akimhamisha karani wake kutoka Wilaya ya Tarime kwenda Wilaya ya Serengeti. Majina tumeyaondoa. Maneno yake yenyewe ni haya:

"Yah: Uhamisho wa Ndani. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Unaarifiwa kwamba menejimenti imeridhia uhamisho wako kutoka Tarime kwenda Serengeti. Unatakiwa kuripoti mara moja, na si zaidi ya siku 14 kuanzia barua hii. Utalipwa masurufu ya uhamisho asilimia 10 ya mshahara wako. Tangu tarehe hiyo utahesabiwa kuwa umeajiriwa katika tawi hilo. Nakutakia kazi njema."

Kwa mtazamo wa haraka barua hii haina kosa. Ni fupi, ina heshima yake, na hakuna neno ambalo mwanafunzi wa darasa la saba hatalielewa. Hata hivyo karani alipopeleka madai yake ya kuhama, mhasibu wa makao makuu aliyarudisha pamoja na maelezo ya mstari mmoja: mtumishi aliomba mwenyewe kuhama, kwa hiyo atajigharamia. Karani hakuwa ameomba. Mhasibu naye hakuwa na nia mbaya. Alisoma tu kilichoandikwa.

Chanzo cha mgogoro huo ni kitenzi kimoja. Kuridhia ni kukubali jambo lililoletwa na mwingine. Baba huridhia posa, mkutano huridhia pendekezo, nchi huridhia mkataba. Kwa hiyo menejimenti iliyoridhia uhamisho ni menejimenti iliyoletewa maombi. Mwandishi wa barua, tunadhani, alitaka neno la adabu kuliko "imeamua", akalichagua hili kwa sababu linasikika laini. Lakini katika utumishi wetu, uwe wa umma au wa kampuni, inajulikana kwamba anayehamishwa kwa mahitaji ya kazi hulipwa, na anayehama kwa maombi yake mwenyewe kwa kawaida halipwi. Ulaini wa neno ukageuka kuwa gharama ya lori.

Maneno yanayofuata, "uhamisho wako", yanaongeza giza badala ya kuliondoa. Lugha yetu ina mnyambuliko ulio wazi kabisa katika jambo hili. Anayehama huondoka kwa hiari yake. Anayehamia hutajwa pamoja na mahali aendapo. Anayehamishwa ameondolewa na mwingine. Nomino "uhamisho" imetokana na hamisha, yaani ndani yake tayari yumo mtu anayemwondoa mwenzake. Ila ukiiambatisha na kivumishi "wako", mtendaji anapotea, kwa maana kimilikishi hicho chaweza kumtaja atendaye au atendewaye. Hatusemi kwamba neno hili liachwe. Tunasema kwamba barua ya namna hii haina budi kuwa na kitenzi kamili chenye mtendaji wake: "Mwajiri anakuhamisha, kwa mahitaji ya kazi." Maneno sita tu ya nyongeza, na mhasibu asingekuwa na la kujibu.

(Kuhusu "Husika na kichwa cha habari hapo juu" tusiseme mengi. Maana yake kwa Kiswahili ni kumwamuru msomaji ajihusishe na kichwa cha habari, amri ambayo hakuna aliyewahi kuitekeleza. Kichwa cha habari kikiwa wazi, sentensi hiyo haina kazi.)

Tuje kwenye mahali. Barua inasema "kutoka Tarime kwenda Serengeti". Tarime ni mji, na ni wilaya. Tena wilayani humo kuna halmashauri mbili: Halmashauri ya Mji wa Tarime, na Halmashauri ya Wilaya ya Tarime ambayo makao yake yako Nyamwaga. Serengeti ni tatizo kubwa zaidi, kwani hakuna mji wenye jina hilo. Makao makuu ya wilaya ni Mugumu. Na kwa watu wengi nje ya Mara, Serengeti ni hifadhi ya taifa, ambayo eneo lake linavuka mipaka ya wilaya hiyo na hata ya mkoa. Mwajiri anayejua kwamba ana tawi moja tu wilayani ataona kwamba tunatafuta sindano kwenye jani la mgomba. Lakini nauli na gharama ya kubeba mizigo hukadiriwa toka mahali hadi mahali, wala si toka wilaya hadi wilaya. Mtu wa Tarime Mjini aendaye Mugumu hupita Nyamongo na kuvuka Mto Mara, na mkaguzi wa hesabu aliyeko Dar es Salaam, ambaye hajafika huko, hana njia ya kulijua hilo isipokuwa karatasi imwambie. Wilaya iandikwe, naam, lakini iandikwe baada ya jina la mji au kijiji ambamo ofisi imo.

Tarehe imetushughulisha zaidi. Tuseme barua imeandikwa tarehe 19 Juni, ikamfikia karani tarehe 26 Juni, jambo la kawaida kwa barua inayopitia kwa mkuu wa tawi. "Siku 14 kuanzia barua hii" zaisha lini? Zikihesabiwa tangu siku iliyofuata tarehe ya barua, mwisho ni tarehe 3 Julai. Zikihesabiwa tangu siku iliyofuata ile aliyoipokea, mwisho ni tarehe 10 Julai. Zikiwa siku za kazi, tunasogea mbele zaidi, hasa kwa kuwa Sabasaba imo katikati. Basi karani aliyefika tarehe 8 Julai, kwa hesabu moja amewahi, na kwa hesabu nyingine ni mtoro wa siku tano. Utoro kazini ni kosa la nidhamu; hapa ungekuwa umezaliwa na neno "kuanzia" lililokosa tarehe mbele yake.

Tena mwandishi ameweka "mara moja" na "siku 14" katika sentensi ile ile, kama kwamba ni kitu kimoja. Na neno "kuripoti" lina kasoro yake. Kuripoti ni kufika na kujitambulisha. Si lazima kuwe ndiyo kuanza kazi. Mtu anayehama ana siku tatu zilizo tofauti: ya kukabidhi kazi alikotoka, ya kuondoka, na ya kuanza kazi aendako. Kati ya ya kwanza na ya tatu zipo siku ambazo hayuko katika tawi lolote, naye bado ni mtumishi. Barua isipozitaja siku hizo, kila tawi litadhani ni za mwenzake, na mwisho wa mwezi jina lake litakosekana katika orodha ya mahudhurio ya pande zote mbili.

Sasa fedha. "Masurufu ya uhamisho" ni maneno mazuri kusikia, na masurufu ni neno la kale kwetu, likimaanisha matumizi na hasa akiba ya njiani. Lakini katika ofisi neno hili limekwisha pata maana yake ya pekee: ni fedha anayokabidhiwa mtumishi kwa kazi fulani, ambayo sharti aitolee hesabu na stakabadhi, na baki airudishe. Posho haiko hivyo. Posho hapo zamani ilikuwa chakula cha siku alichopimiwa mpagazi wa msafara. Akishakula, hakuna aliyemdai maganda. Hata leo tabia hiyo imebaki: aliyepewa posho haulizwi aliitumiaje. Kwa hiyo mtumishi aliyepewa masurufu ana deni mpaka alipe hesabu, na aliyepewa posho hana. Kuna na aina ya tatu, nayo ni marejesho, ambapo mtu hulipa kwanza kutoka mfukoni mwake kisha hurudishiwa. Mwandishi wa barua achague moja, kwa kujua analolichagua.

Kiasi chenyewe nacho kina utata. Karani wetu tumpe mshahara wa shilingi 600,000 kwa mwezi. Asilimia 10 ya mshahara wa mwezi ni shilingi 60,000, ambazo hazimfikishi mbali mwenye kitanda, kabati na watoto. Asilimia 10 ya mshahara wa mwaka ni shilingi 720,000. Tofauti ya shilingi 660,000 imekaa katika neno moja lisiloandikwa. Iongezwe pia kama ni mshahara wa msingi au mshahara pamoja na marupurupu. Salama kuliko zote ni kuandika kiasi kwa tarakimu na kisha kueleza kilivyopatikana.

Sentensi ambayo hatukutegemea kuibishia ni ile inayotangulia ya mwisho: "utahesabiwa kuwa umeajiriwa katika tawi hilo". Mwandishi alikusudia kusema kwamba kituo cha kazi ni kipya. Amesema jambo jingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 15, inataka mtumishi apewe maelezo ya maandishi ya ajira yake, na humo "mahali pa kuajiriwa" na "mahali pa kazi" ni mambo mawili. Kifungu hicho kinataka pia kwamba jambo lolote kati ya hayo likibadilika, mwajiri ashauriane na mtumishi, arekebishe maelezo, na amjulishe kwa maandishi. Uhamisho hubadili mahali pa kazi. Haubadili mahali pa kuajiriwa, kwani hilo ni tukio lililokwisha pita. Umuhimu wake huonekana mwishoni: kwa kifungu cha 43, mkataba ukikoma mtumishi akiwa mahali tofauti na alipoajiriwa, mwajiri anawajibika kumsafirisha na mizigo yake hadi alipoajiriwa, au kumlipia usafiri huo. Karani wetu aliajiriwa Musoma. Barua inayomhesabu ameajiriwa Mugumu inamtayarishia ubishi siku atakapotaka kurudishwa Musoma, na hata kama sheria itamtetea, itambidi kwanza afungue shauri.

Tumejaribu kuiandika barua upya, bila kuirefusha kupita kiasi:

"Mwajiri anakuhamisha, kwa mahitaji ya kazi na baada ya kushauriana nawe, kutoka tawi la Tarime Mjini kwenda tawi la Mugumu, Wilaya ya Serengeti. Utakabidhi kazi Tarime tarehe 5 Julai. Tarehe 6 hadi 9 Julai ni siku za safari na kupanga makazi, nazo utalipwa mshahara kama kawaida. Utaanza kazi Mugumu tarehe 10 Julai, saa 2:00 asubuhi. Kabla ya tarehe 5 Julai utalipwa posho ya kuhama shilingi 720,000, yaani asilimia 10 ya mshahara wako wa msingi wa mwaka. Posho hii haitolewi hesabu. Gari la kubeba vyombo vyako vya nyumbani litalipiwa na mwajiri. Mahali pa kuajiriwa panabaki Musoma, kama mkataba wako unavyoonyesha."

Wapo watakaouliza kwa nini tumeandika "posho ya kuhama" na si "posho ya usumbufu", jina linalotumika katika utumishi wa umma. Huko jina hilo limekwisha ingia katika taratibu, na ofisa asilibadilishe kwa hiari yake, maana malipo hufuata jina lililo katika kanuni. Mwajiri binafsi hana kifungo hicho. Usumbufu kwa Kiswahili ni udhia, na malipo haya hayalipi udhia. Yanalipa kodi ya nyumba mpya, pazia lisiloenea dirisha jipya, na sare ya shule nyingine.