Yake, Ndani na Kuona: Maana Zilizofichika katika Matangazo ya Nyumba za Kupanga Dar es Salaam

Lugha ya madalali wa nyumba wa Dar es Salaam inapotajwa mbele ya wanaisimu, lawama ya kwanza huangukia maneno ya mkopo: masta, selfu, pablik, jipsamu. Makala haya yanadai kwamba lawama hiyo imeelekezwa pasipostahili. Maneno ya mkopo katika matangazo haya yana maana thabiti, na wapangaji huielewa. Yanayompotosha msomaji ni maneno ya Kiswahili cha kila siku, ambayo hakuna anayefikiri kuyatafutia fasili.

Tuchukue tangazo la mfano, nililolitunga kwa kufuata umbo lililozoeleka. Picha inaonyesha chumba kitupu chenye vigae vyeupe na dari ya jipsamu. Juu ya picha pameandikwa: “Chumba masta, sebule, jiko. Luku yake. Maji ndani. 250k x 6. Dalali mwezi 1. Kuona 20k.”

Neno masta lilipokopwa lilihusu chumba kikuu cha kulala katika nyumba yenye vyumba kadhaa. Madalali wameliondolea sifa ya ukuu na kulibakizia sifa moja tu, nayo ni choo na bafu ndani ya chumba. Kwa hiyo mtu huweza kupangisha “chumba masta” kimoja kisicho na chumba kingine cha kukizidi, wala hapana mkanganyiko wowote. Kinyume chake ni pablik, na choo cha pablik si cha umma bali ni cha wapangaji wa ua mmoja. Tofauti hii ina historia yake. Katika nyumba ya Kiswahili ya mjini, yenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, choo na jiko vilikuwa uani na vilitumiwa na wote, hivyo hapakuwa na haja ya kuvitaja. Siku hizi jiko hutajwa kama chumba kinacholipiwa. Maneno ya mkopo yameingia pale ambapo mpangilio wa nyumba ulibadilika, na kazi yake yanaifanya vizuri.

Sasa tuitazame “Luku yake”. LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, ni mfumo wa TANESCO wa kununua umeme kabla ya kuutumia. Ugumu umo katika kimilikishi. Je, yake ni ya nani? Kisarufi chaweza kurejelea chumba kilichotajwa mwanzoni, nyumba nzima, au hata mpangaji mtarajiwa. Dalali husema kweli kwa kila tafsiri, lakini gharama hutofautiana sana. Kwa bei zilizoanza kutumika 2016, mteja wa nyumbani wa daraja D1, asiyevuka uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti, na wa daraja T1 hulipa 292, kabla ya kodi na tozo. Mpangaji anayetumia uniti 30 kwa mita yake iliyo katika D1 atalipa 3,000. Wapangaji wanne wa matumizi kama hayo wakichangia mita moja, mita hiyo itasoma uniti 120. Haiwezi kudumu katika D1, na ikihamia T1 kila mmoja atachangia 8,760. Hakuna aliyeongeza hata taa moja. Kilichobadilika ni kirejelewa cha -ake. Kuna pia sabmita, kimita cha ndani ambacho mwenye nyumba hukisoma mwenyewe kisha akakusanya fedha kwa bei aipendayo. Hiyo nayo huitwa “yake”. Tena tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia manunuzi ya umeme, ingawa kwa asili ni wajibu wa mwenye jengo. Mpangaji mwenye mita anayenunua umeme hujikuta ameilipa kabla ya kuulizwa, na asipodai irudishwe katika hesabu ya pango, imekwenda. Swali la kumuuliza dalali ni moja: namba ya mita hii inasomwa na nani mwingine?

“Maji ndani” ni jambo hilo hilo kwa upande wa mahali. Ndani ya nini? Mara nyingi ni ndani ya uzio: bomba moja uani na ndoo kadhaa. Mwenye bomba la jikoni kwa kawaida hulitaja jiko waziwazi, kwa sababu lina thamani sokoni. Neno pana linapotumika mahali ambapo neno mahususi lingeuza zaidi, msomaji ana haki ya kuchukua tafsiri iliyo duni.

Katika “250k x 6”, alama ya kuzidisha ndiyo kitenzi cha sentensi nzima. Haielezi muda wa mkataba tu, bali huamuru malipo: leta 1,500,000 kwa mkupuo. Msomaji aliyezoea matangazo ya Nairobi huweza kuidhania dipoziti. Sivyo. Dipoziti ya Nairobi, ambayo kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja, ni amana. Hukaa kwa mwenye nyumba na, kwa mujibu wa makubaliano, hurudishwa mpangaji akihama bila kuharibu kitu. Sita ya Dar es Salaam ni kodi inayoliwa mwezi baada ya mwezi, na ukiondoka mwezi wa tatu kuipata iliyobaki ni kazi. “Dalali mwezi 1” nayo si sehemu ya ile sita. Ni 250,000 nyingine, na anayeilipa ni mpangaji. Ukijumlisha na ya kuona, chumba cha “250k” kinahitaji 1,770,000 kabla ya kuhamisha kitanda.

Na kitanda chenyewe kitaenea? Tangazo halitaji vipimo, na picha hupigwa kutoka kona ya mlango kwa lenzi inayotanua kuta. Hata hivyo sakafu hushuhudia. Vigae vingi ni vya sentimita 40 au 60 kila upande. Vikiwa vya 40, na katika picha ukahesabu saba kwa nane, chumba ni mita 2.8 kwa 3.2. Kitanda cha futi tano kwa sita na kabati vitaingia, ila mlango utafunguka kwa shida. Ukubwa wa kigae hukisiwa kwa kukilinganisha na upana wa mlango. Nawashauri wanafunzi wangu wasome picha kama matini, na hapa ushauri huo una faida ya fedha.

Limebaki “Kuona 20k”. Kitenzi-jina hiki hakina mtenda wala shamirisho: nani aone, na aone nini? Katika desturi ya madalali, elfu ishirini hulipia kutembezwa siku hiyo, iwe nyumba imepatikana au la, na hairudishwi. Mteja hudhani shamirisho ni chumba kilicho pichani. Akifika huambiwa kile kimeshachukuliwa, ila kipo kingine kama hicho. Dalali hajavunja ahadi, kwani hakuandika atakachoonyesha. Picha aliyoibandika haikuwa ya nyumba inayopangishwa, ilikuwa ya aina ya nyumba anazozijua, na bado kuna mwingine atakayeitazama picha hiyo hiyo wiki ijayo.