Watu 146, si 300: kusahihisha jarida lililoandikwa na akili mnemba

Rasimu ya jarida iliyotungwa na akili mnemba hujulikana kwa alama moja: ukifuta jina la kikundi na kuandika la kikundi kingine, hakuna sentensi inayoharibika. "Tumegusa maisha ya mamia ya wanajamii" inamfaa anayechimba visima, anayelea yatima na anayegawa miwani. Kazi ya mhariri ni kuirudisha kila sentensi kwa mwenyewe.

Tuchukue kikundi kidogo cha kubuni, na tarakimu za mfano, kinachowapa miwani ya kusomea watu waliovuka miaka 40. Rasimu yake inasema: "Mwaka huu watu 300 wamerejeshewa uoni wao." Sentensi inasomeka vizuri, ila ina makosa mawili.

La kwanza ni hiyo 300. Mhariri asibahatishe tarakimu nyingine, aulize kwanza hii imetoka wapi. Anaikuta kwenye maelezo ambayo katibu aliiingizia programu: kikundi kilinunua miwani 300. Programu imegeuza miwani iliyonunuliwa kuwa watu waliohudumiwa. Daftari la kugawia lina mistari 163 tu, na kitabu cha stoo kinaonyesha zimebaki 137, kwa hiyo hesabu ya miwani inakubali. Lakini mistari 163 nayo si watu 163. Ukilisoma daftari jina kwa jina, 17 wamejirudia: mmoja aliikalia miwani yake, mwingine alirudi kuomba yenye nguvu zaidi. Watu ni 146. Hapa ndipo vikundi vingi hukosea hata bila mashine, kwa sababu kujumlisha mistari ni rahisi kuliko kulinganisha majina.

La pili ni neno "wamerejeshewa". Miwani ya kusomea haitibu jicho. Lenzi ya jicho hupoteza mnyumbuko kadiri umri unavyosonga, na miwani humsaidia mtu kuona vya karibu anapokuwa ameivaa. Akiivua, hali ni ile ile. Mfadhili anayeelewa macho atalisoma neno hilo na kuanza kutilia shaka ukurasa mzima. Sentensi sahihi, ikiongezewa idadi ya waliopimwa, ni hii: "Tuliwapima watu 212, na 146 kati yao walipata miwani ya kusomea."

Kisha kuna kisa. Rasimu inamtaja bibi mmoja wa miaka 62, kwa jina, aliyelia kwa furaha alipouona uso wa mjukuu wake. Jina hilo halimo daftarini, na miwani ya kusomea si ya kuonea nyuso za mbali. Huyu bibi hayupo. Kubadilisha jina lake hakutoshi. Aya nzima inafutwa.

Mbadala wake hupatikana kwa kumfuata mtu aliyemo daftarini, mtu mzima, na kumwuliza swali moja la kazi: kuna jambo gani unalifanya sasa ambalo miezi sita iliyopita ulikuwa unamwachia mwingine? Fundi cherehani atasema kwamba alikuwa anamwita mtoto wa jirani amtungie uzi kwenye sindano, na sasa anatunga mwenyewe kwa miwani ya +2.00. Mwulize pia kilichobaki kigumu. Akijibu kwamba kitambaa cheusi usiku bado kinamshinda kwa sababu taa yake ni hafifu, liandike na hilo, maana ndilo linalomfanya msomaji aliamini lile la sindano.

Kabla ya kuchapa, msomee aya yake, umwulize kama anataka jina lake halisi litumike, na ridhaa yake iwe kwa maandishi. Daftari lenyewe lisiingizwe kwenye programu kwa kisingizio cha kuokoa muda. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Programu ipewe jumla pekee, bila majina wala namba za simu.

Imebaki tarakimu ambayo rasimu haikuigusa kabisa, kwa kuwa hakuna aliyeiingiza. Katika wale 212, watu 31 walionekana na dalili za mtoto wa jicho na wakaandikiwa rufaa ya hospitali. Waliofika ni 9. Wengine 22 hawakwenda, na wengi wa waliopigiwa simu walitaja nauli. Viongozi watataka mstari huo uondolewe wakihofia utawavunja moyo wafadhili. Mhariri, usikubali. Uweke ukurasa wa kwanza pamoja na gharama ya nauli ya kwenda na kurudi kwa mtu mmoja, ili anayetaka kuchangia ajue kinachohitajika ni shilingi ngapi na kwa watu wangapi.