Viungo Vidogo vya Kiyunani

Mfasiri wa Injili aweza kulijua kila jina na kila kitenzi, na hata hivyo akatoa habari iliyotawanyika kama shanga zilizokatika uzi. Mara nyingi kosa limo katika maneno madogo ya Kiyunani: men, de, gar na oun. Na tulipime jambo hili kwa Mathayo 9:36-38.

Habari yaanza Yesu anapowaona makutano, na neno la pili katika Kiyunani ni de. De hii haipingi kitu. Yaonyesha hatua mpya tu. Aandikaye "lakini alipowaona" amezua upinzani usiokuwapo. Kiswahili hakihitaji neno la peke yake hapa, kwa kuwa -ka- ya masimulizi yatosha: akawaona, akawahurumia.

Kisha Yesu ataja mavuno na wavunaji. Men yakaa katika nusu ya kwanza, na de katika nusu ya pili. Men humwonya msikilizaji angoje, kwani jambo lina upande mwingine. Hatuna neno moja lililo sawa nayo. Wengi huiacha, kisha huifasiri de kwa "lakini". Maana haipotei, ila "lakini" ni nzito. Kwa upinzani mkali Wayunani walikuwa na neno jingine, alla. Msikilizaji aweza kudhani kwamba uchache wa watu umeyafuta mavuno. Mimi ningesema: "Mavuno ni tele, wavunaji nao ni haba." "Nao" hufuata jina lake, kama de ilivyo ya pili katika nusu yake, na pande zote mbili zasimama pamoja.

Ndipo ije oun, nayo hutoa neno katika yale yaliyotangulia: mwombeni basi mwenye shamba. Ukiiondoa "basi", agizo la kuomba lakosa chanzo. Kumbe chanzo ni huo wingi wa mavuno na uchache wa watu vikiwekwa pamoja.

Gar haimo katika mistari hii. Twaikuta Marko 1:16. Simoni na Andrea wanatupa nyavu baharini, kisha gar yaeleza sababu: maana walikuwa wavuvi. Oun huenda mbele kutoka sababu hadi tokeo. Gar hurudi nyuma kutoka tendo hadi sababu yake. Mtu akizibadilisha, atasema kwamba walitupa nyavu, basi wakawa wavuvi. Na hayo siyo aliyoandika Marko.

Ukitaka kujua kama tafsiri imeshika, msomee kwa sauti mtu asiye na kitabu mkononi habari ile ya mavuno, kisha umwulize: kwa nini waliambiwa waombe? Akijibu mara moja kwa maneno aliyoyasikia, viungo vimefanya kazi yake. Akisita, usiyalaumu masikio yake. Rudi ukaitazame "basi" yako.