Jirani wa Tatu: Jinsi Kanuni ya Brooks Inavyookoa Rangi Moja

Mwalimu wa taaluma ana mitihani sita ya kupangia ratiba: A, B, C, D, E na F. Kuna wanafunzi wanaofanya A, B na C yote, na wengine wanaofanya D, E na F yote. Tena wapo wanaofanya A pamoja na D, wanaofanya B pamoja na E, na wanaofanya C pamoja na F. Mitihani miwili yenye mwanafunzi mmoja wa pamoja haiwezi kuwekwa katika kipindi kimoja. Vipindi vingapi vitatosha?

Swali hili huchorwa kwa nukta na mistari. Kila mtihani ni nukta, na kila mgongano ni mstari unaounganisha nukta mbili. Kwa mitihani yetu sita, mchoro unafanana na mafiga matatu yaliyopangwa juu ya mafiga mengine matatu: A, B na C juu, D, E na F chini, kila figa la juu likiwa limeunganishwa na la chini yake. Vipindi tunaviita rangi, na sharti ni moja tu: nukta mbili zilizounganishwa kwa mstari, yaani majirani, zisiwe na rangi moja.

Njia ya kwanza inayomjia kila mtu ni kupaka kwa foleni. Unapanga rangi zako, tuseme nyekundu, njano, kijani kisha buluu. Unapita kwenye nukta moja baada ya nyingine, na kila nukta unaipa rangi ya kwanza ambayo hakuna jirani aliyekwisha kuichukua. Iwapo hakuna nukta yenye majirani zaidi ya watatu, rangi nne hazitashindwa kamwe, kwa kuwa majirani watatu huziba rangi tatu tu. Kwa jumla, idadi kubwa kabisa ya majirani wa nukta moja huandikwa Δ, na foleni yoyote inahitaji rangi zisizozidi Δ + 1.

Tatizo ni hiyo 1. Tujaribu mitihani yetu kwa foleni ya B, F, E, D, C, A. B inakuwa nyekundu. F si jirani wa B, nayo inakuwa nyekundu. E inapakana na zote mbili, inachukua njano. D ina E yenye njano na F yenye nyekundu, inachukua kijani. C inapakana na B na F, zote nyekundu, inachukua njano. Inabaki A, na majirani wake ni B nyekundu, C njano na D kijani. Lazima ipewe buluu. Mwalimu amefungua kipindi cha nne kwa ajili ya mtihani mmoja, ilhali, kama tutakavyoona, vitatu vilitosha.

Mwaka 1941, R. Leonard Brooks, aliyesoma Chuo cha Trinity huko Cambridge, alichapisha makala fupi kuhusu kupaka rangi nukta za mtandao. Alithibitisha kwamba katika mtandao ulioungana wote, rangi Δ zinatosha, isipokuwa katika aina mbili tu za mitandao. Ya kwanza ni mtandao kamili, ambamo kila nukta ni jirani wa kila nyingine. Ya pili ni duara witiri, yaani nukta zilizopangwa kwa mzunguko na idadi yake ni witiri: 3, 5, 7 na kuendelea.

Kwamba aina hizi mbili zinashindikana ni rahisi kuona. Katika mtandao kamili wa nukta 5, kila moja ina majirani 4, lakini hakuna mbili zinazoweza kushirikiana rangi, hivyo rangi 5 ni lazima. Katika duara la nukta 5, kila moja ina majirani 2. Ukipaka kwa kupokezana, nyekundu, njano, nyekundu, njano, nukta ya tano inajikuta kati ya njano na nyekundu, na rangi ya tatu haiepukiki. Duara la nukta 6 halina shida hiyo, kwa sababu kupokezana kunafunga sawasawa. Mafiga matatu peke yake ni aina zote mbili kwa pamoja: ni mtandao kamili, na ni duara witiri.

Kigumu ni kueleza kwa nini hakuna aina ya tatu. Hapo nitafuata njia ya mwanahisabati wa Hungaria, László Lovász, aliyechapisha uthibitisho mfupi mwaka 1975, kwa sababu njia hiyo haiishii kuthibitisha tu. Inaonyesha mahali hasa ambapo kila mmoja wa wakaidi hao wawili anakwama.

Siri iko kwenye mpangilio wa foleni. Chagua nukta moja iwe ya mwisho kupakwa, uiite mzizi. Nyingine zipange kwa umbali wake kutoka kwenye mzizi, ukianza na zilizo mbali zaidi. Sasa tazama nukta yoyote isiyo mzizi inapofika zamu yake. Njia yake ya kwenda kwenye mzizi inapita kwa jirani aliye karibu zaidi na mzizi, na jirani huyo bado hajapakwa. Kwa hiyo majirani waliokwisha kupakwa hawazidi Δ − 1, na daima kuna rangi moja huru kati ya zile Δ. Foleni nzima inapita salama, na mashaka yote yanahamia kwenye nukta moja, mzizi.

Kama mtandao una nukta yenye majirani pungufu ya Δ, ifanye hiyo kuwa mzizi na kazi imekwisha. Ugumu unabaki pale kila nukta inapokuwa na majirani Δ kamili, kama katika mitihani yetu. Hapo mzizi utawakuta majirani wake wote wamepakwa, na ataokoka tu iwapo wawili kati yao wana rangi moja.

Basi tusingoje bahati. Tafuta majirani wawili wa mzizi ambao wao kwa wao si majirani, uwapake nyekundu wote wawili kabla ya foleni kuanza. Kisha waondoe kwenye mchoro kwa muda, na uhakikishe kwamba nukta zilizobaki bado zimeungana na mzizi. Zikiwa zimeungana, zipange tena kwa umbali na uzipake. Mzizi atakuwa na majirani Δ, lakini rangi zao hazizidi Δ − 1.

Turudi kwa mwalimu wetu. Mzizi ni A. B na D ni majirani wake, na hakuna mwanafunzi anayefanya B pamoja na D. Zipake nyekundu zote mbili. Zinazobaki ni mnyororo: E imeshikana na F, F na C, C na A. Foleni inaanzia mbali, kwenye E. Majirani wake waliopakwa ni B na D, zote nyekundu, hivyo inachukua njano. F inaona D nyekundu na E njano, inachukua kijani. C inaona B nyekundu na F kijani, inachukua njano. A inaona B na D nyekundu na C njano, inachukua kijani. Vipindi vitatu: B na D katika cha kwanza, E na C katika cha pili, F na A katika cha tatu.

Ujanja huu una masharti mawili, na kila mkaidi anavunja moja. Katika mtandao kamili huwezi kupata majirani wawili wasio majirani wenyewe kwa wenyewe, kwa hiyo sharti la kwanza linaanguka. Katika duara lenye nukta 5 au zaidi utawapata, lakini mzizi ana majirani wawili tu. Ukiwaondoa wote wawili, mzizi anabaki kisiwani, na nukta nyingine hazina njia ya kumfikia. Sharti la pili linaanguka. Duara shufwa nalo linakwama hapo hapo, ila linaokolewa na kupokezana kwa rangi mbili.

Sasa chukua Δ kuwa 3 au zaidi, na mtandao usio kamili ambamo kila nukta ina majirani Δ. Kuna hali tatu za kupitia. Katika hali ya kwanza, kuna nukta moja ambayo ikiondolewa mtandao unakatika vipande. Paka kila kipande peke yake pamoja na nukta hiyo. Ndani ya kipande kimoja, nukta hiyo haina majirani wake wote, hivyo inafaa kuwa mzizi. Ikitoka nyekundu huku na kijani kule, badilishana rangi hizo katika kipande kizima, na vipande vitashikana.

Katika hali ya pili, mtandao ni imara kiasi kwamba kuondoa nukta zozote mbili hakuukati. Kwa kuwa si kamili, kuna mzizi mwenye majirani wawili wasiojuana, na kuwaondoa hakudhuru kitu.

Hali ya tatu ndiyo inayohitaji jicho. Hakuna nukta moja inayokata mtandao, lakini zipo nukta mbili ambazo zikiondoka pamoja zinaukata. Moja kati ya hizo iwe mzizi. Akitolewa, mtandao unakuwa na angalau vipande viwili vya pembeni, kila kimoja kikiwa kimeshikana na mtandao uliobaki kwa nukta moja tu, yaani kiungo. Lazima mzizi awe na jirani ndani ya kila kipande hicho, tofauti na kiungo, la sivyo kiungo peke yake kingeukata mtandao wa awali, jambo tulilokwisha kuliondoa. Chukua jirani mmoja kutoka kila kimoja cha vipande viwili hivyo. Hawajuani, kwa kuwa wako vipande tofauti, na wakitolewa vipande vyao haviachani. Mzizi je, ataachwa kisiwani? Hapana, kwa sababu Δ ni 3 au zaidi, na jirani wa tatu anamshika na waliobaki. Duara witiri lilimkosa jirani huyu, na likalipa kwa rangi ya ziada.

Anayeitumia kanuni hii aangalie mambo mawili. Kwanza, inasema kuhusu mtandao ulioungana. Ratiba ya mitihani 40 inaweza kuwa na kundi lililojitenga la mitihani minne inayogongana yote, na hapo Δ ikiwa 3, vipindi vinne ni lazima kwa ajili ya kundi hilo tu. Kila kundi likaguliwe peke yake. Pili, Δ ni kikomo cha juu, si jibu kamili. Nukta moja iliyozungukwa na 50 zisizojuana ina Δ ya 50, ilhali rangi mbili zinatosha.

Kwa hiyo, mwalimu ambaye hakuna mtihani wake unaogongana na zaidi ya mingine mitatu, asikubali kipindi cha nne kwa sababu tu foleni yake imekwama. Atafute kwanza kundi la mitihani minne iliyogongana yote. Asipolipata, ratiba ya vipindi vitatu ipo, na aanze kuipanga kutoka mwisho.