Aina ya Sentensi Imefichwa Ndani ya Kitenzi

"Wanafunzi wote wa darasa la saba wa shule ile ya kijijini, pamoja na walimu na baadhi ya wazazi wao, walisafiri kwa basi hadi Bagamoyo jana asubuhi." Hayo ni maneno 26, na yote ni sentensi moja sahili. "Aliyekuja ameondoka." Hayo ni maneno mawili tu, lakini ni sentensi changamano. Mwanafunzi anayepima aina ya sentensi kwa urefu wake atazikosa zote mbili, na anayewinda viunganishi hatakuwa na nafuu. Sentensi ya kwanza ina "na" mbili wala si ambatano, na ya pili haina kiunganishi chochote.

Kinachoamua ni vitenzi, na kazi ya kwanza ni kuvihesabu. Katika safari ya Bagamoyo kipo kimoja tu, "walisafiri". Zile "na" mbili zinaunganisha majina, yaani wanafunzi, walimu na wazazi, na majina hayo yote yanabeba tendo hilohilo moja. Katika sentensi fupi vitenzi ni viwili, "aliyekuja" na "ameondoka", na kila kimoja kinajenga kishazi chake.

Hesabu hii ina mitego yake. Katika "Juma anapenda kusoma", neno "kusoma" halina kiambishi cha nafsi wala cha njeo. Linasimama kama jina la tendo, kwa hiyo halihesabiwi. Katika "Juma alikuwa anasoma", vitenzi vinaonekana viwili, lakini cha kwanza ni kisaidizi kinachokipa cha pili wakati wake, basi vinahesabiwa kama kimoja. Kwa upande mwingine, "Juma ni fundi" inaweza kudhaniwa haina kitenzi, ilhali "ni" ni kitenzi kishirikishi na kinatosha kuunda sentensi sahili. Hali ni hiyohiyo kwa "yumo", "haimo" na "wapo".

Baada ya hesabu, kila kitenzi kipimwe kama kinaweza kusimama peke yake. Hapa ndipo Kiswahili kinapomsaidia mwanafunzi, kwa sababu mara nyingi alama ya utegemezi huwa imeshonwa ndani ya kitenzi chenyewe. Ukimwambia mtu "alifika", amepata habari kamili. Ukimwambia "alipofika", atakungoja umalizie. Tofauti nzima imeletwa na kiambishi -po-. Kazi kama hiyo hufanywa na viambishi rejeshi, kama katika "aliyefika", "asiyefika" na "afikaye", na pia na -ki- na -sipo- za sharti: "akifika", "asipofika".

Kiambishi -ki- kinahitaji jicho la pili. "Akipika, tutakula" ina kishazi tegemezi. "Alikuwa akipika" haina, kwa kuwa -ki- hapo inaonyesha tu kwamba tendo lilikuwa likiendelea, na kisaidizi "alikuwa" kimekwisha kukibana kitenzi hicho ndani ya kishazi kimoja. Mwanafunzi aliyekariri kwamba "-ki- ni tegemezi" bila kutazama neno lililotangulia ataanguka hapa.

Wakati mwingine alama hukaa nje ya kitenzi. "Aliumwa" ni kishazi huru, lakini "kwa sababu aliumwa" si huru tena. Maneno ya namna hii ni machache, na anayesoma Kiswahili anakutana nayo kila siku: kwamba, kwa sababu, ingawa, ili, kabla. Tatizo ni kuyatenganisha na "lakini", "au" na "na", ambayo huunganisha vishazi vilivyo sawa.

Kipimo kizuri ni kujaribu kuhamisha kishazi. "Hakuja kwa sababu aliumwa" inageuka bila shida kuwa "Kwa sababu aliumwa, hakuja." Sasa jaribu "Alikuja lakini aliumwa." Huwezi kuanza na "Lakini aliumwa, alikuja" ukabaki na maana ileile. Kishazi kinachokubali kupelekwa mbele pamoja na neno lake kinategemea kingine, na sentensi ni changamano. Kinachogoma kuhama kiko sawa na mwenzake, na sentensi ni ambatano. Kipimo hiki hakivifai virejeshi, kwani vyenyewe hufuata jina vinalolieleza, lakini hivyo tayari vinajulikana kwa sura ya kitenzi. Wala hakikifai kishazi cha "kwamba", ambacho kwa kawaida hufuata kitenzi chake, lakini hicho hujulikana kwa neno hilo lenyewe.

Tuichambue sentensi moja yenye mambo haya pamoja:

"Mama Asha alifunga kibanda, akapanda daladala iliyokuwa inaelekea Kariakoo, lakini aliposhuka aligundua kwamba pochi haimo mkobani."

Vitenzi ni "alifunga", "akapanda", "iliyokuwa inaelekea" (kisaidizi na kitenzi kikuu, kwa hiyo ni kimoja), "aliposhuka", "aligundua" na "haimo". Jumla ni vishazi sita. "Iliyokuwa inaelekea" ni tegemezi, maana ina kirejeshi kinacholieleza neno daladala. "Aliposhuka" ni tegemezi kwa -po-. "Haimo" ni tegemezi kwa sababu ya "kwamba" iliyotangulia. "Alifunga" na "aligundua" ni huru bila ubishi.

"Akapanda" ndicho kinachowagawa wanafunzi. Kitenzi chenye -ka- hakianzishi habari, hivyo wengi hukiita tegemezi. Lakini weka "kisha alipanda" mahali pake: hakuna kilichopotea. Jaribu kukihamisha mbele ya "alifunga", na mpangilio wa matukio unavurugika. Kinaongeza tendo jipya kwenye mfululizo. Hakielezi tendo lililotangulia. Kwa hoja hizo ni sahihi zaidi kukihesabu kuwa sawa na "alifunga". Tofauti yake na "akipanda" ni herufi moja tu, na mwanafunzi anayesoma haraka huiruka.

Basi vishazi huru ni vitatu na tegemezi ni vitatu. Sentensi yenye vishazi huru viwili au zaidi, na ndani yake kishazi tegemezi kimoja au zaidi, ndiyo aina ya nne: ambatano na changamano kwa pamoja.

Aina hii ya nne mara nyingi haipewi jina lake katika vitabu vya Kiswahili. Katika sarufi inayofuatwa sana Tanzania, yaani SAMIKISA ya Massamba, Kihore na Hokororo iliyochapishwa na TUKI mwaka 1999, sentensi ya Mama Asha ingewekwa ndani ya ambatano, kwa kuwa ambatano inaruhusiwa kuunganisha sahili na changamano, au changamano na changamano. Nafasi ya nne imepewa sentensi shurutia, na kuna sababu nzuri. Tazama "Ningejua, ningekuja." Changamano inadai kishazi kimoja kiwe huru, lakini hapa vishazi vyote viwili vina -nge- na kila kimoja kinamngoja mwenzake. Sentensi kama hiyo haikai vizuri katika sahili, ambatano wala changamano.

Kwa hiyo mwanafunzi akiulizwa aina ya sentensi ya Mama Asha, jibu lake linategemea mgawanyo aliofundishwa. Akitumia ule wa SAMIKISA, ataandika "ambatano", kisha aonyeshe kwamba kipande cha kwanza, kinachoishia Kariakoo, kina kishazi tegemezi ndani yake, na kwamba kipande kinachofuata "lakini" ni changamano.