Kidahizo Husomwa Hadi Mwisho

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza Katoro, aliyekulia katika nyumba inayozungumza Kisukuma, anaweza kuijua maana ya kila neno katika sentensi yake na bado sentensi ikapinda. Tuchukue mfano huu: "Wachimbaji wamefanya rufaa baada ya kunyimwa leseni, na mvua imeporomoka ukuta wa duara." Tukijua kwamba duara hapa ni shimo la mchimbaji, tunaielewa, lakini haijakaa sawa. Makosa yake mawili hayatokani na maana za maneno, na yote mawili yanarekebishika kwa kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili, mradi isomwe zaidi ya mstari wa maana.

Kamusi ya namna hii si jambo geni kwetu. Frederick Johnson alitoa kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili mwaka 1935. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ilitoka mwaka 1981, kisha ikaja Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA mwaka 2015. Wazo la kuwatungia wanaojifunza kamusi yao maalumu lilipevuka Japani, ambako mwalimu wa Kiingereza A. S. Hornby na wenzake walichapa yao mwaka 1942. Waliona kwamba mwanafunzi hahitaji maana peke yake, bali pia neno linakaa na nani na katika sentensi ya umbo gani. Kamusi zetu ziliandikwa kwa watumiaji wote, lakini habari hizo zimo pia, ila zimefupishwa.

Tuanze na "rufaa". Atakayeishia kwenye maana ataona kuwa ni ombi la kutaka uamuzi uangaliwe upya na chombo cha juu. Kwa kuwa ombi ni kitendo, ataona "fanya" inatosha. Aendelee kusoma. Alama ya nomino na ngeli ya [i-/zi-] zinampa "rufaa yao" na "rufaa zao". Kisha atafute kitenzi kinachoandamana na nomino hiyo: rufaa hukatwa. Ikiwa kidahizo cha nomino hakikuonyesha hivyo, afungue "kata". Hapo awe macho, kwa sababu kuna "kata" zaidi ya moja: ya utawala, ya kuchotea maji, ya kubebea mzigo kichwani, na kitenzi. Kamusi huzitenga kwa namba. Chini ya kitenzi ndipo hukaa misemo kama kata tamaa na kata shauri, na humo rufaa ina nafasi yake. Kanuni ni hii: ukikosa msemo kwenye nomino, utafute kwenye kitenzi, hasa vitenzi vinavyobeba misemo mingi kama piga, kata, tia na toa.

Kosa la pili linaonyeshwa na alama ndogo ambayo wengi huiruka. Kitenzi chenye [ele] ni elekezi, yaani huchukua yambwa. Chenye [sie] si elekezi. "Poromoka" si elekezi: ukuta huporomoka wenyewe, wala mvua haiwezi kuuporomoka. Kinachotakiwa ni umbo la kusababisha, "poromosha", nalo huonyeshwa kama mnyambuliko au kama kidahizo chake. Sentensi inakuwa: "Wachimbaji wamekata rufaa baada ya kunyimwa leseni, na mvua imeporomosha ukuta wa duara."

Sasa mfano wa matumizi uliomo kwenye kidahizo unapatiwa kazi. Usiusome ili kuthibitisha maana tu. Angalia neno linalofuata, kihusishi, na mtendaji ni nani. Kwenye rufaa, tafuta kama sentensi inatumia "dhidi ya uamuzi". Halafu badilisha mtendaji na yambwa, utunge sentensi yako kwa umbo lilelile. Kwenye daftari usiandike "rufaa" peke yake mbele ya maana. Andika "kukata rufaa dhidi ya uamuzi", maana hicho ndicho kipande utakachokitumia.

Kamusi ina mipaka. Neno "duara" Katoro ni shimo la mchimbaji, lakini kwenye kamusi utapokewa kwanza na umbo la mviringo. Maana ya machimboni usipoikuta, haimaanishi kwamba wachimbaji wamekosea. Kwenye barua kwa ofisi ya madini, andika "shimo la uchimbaji" ili msomaji asiyetoka machimboni akuelewe. Matumizi hutofautiana pia kati ya nchi na nchi: Tanzania tuna Mahakama ya Rufani, iliyoanzishwa mwaka 1979, ilhali Kenya husema Mahakama ya Rufaa.

Vifupisho navyo havifanani katika kamusi zote. Kabla ya kutafuta neno la kwanza, soma orodha ya vifupisho iliyo kurasa za mwanzo. Asiyeisoma ananunua kamusi nzima na kutumia nusu yake.