Nani Amefiwa?

Tarehe 8 Julai 2019 basi dogo lililowachukua wafanyakazi wa Azam Media liligongana na lori kati ya Shelui na Igunga. Walikuwa wakienda Chato kurusha matangazo ya uzinduzi wa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Walikufa watu saba: watano wa kampuni hiyo, pamoja na dereva wa basi na msaidizi wake.

Naitaja ajali hii si kwa kuhukumu kilichoandikwa siku ile, bali kwa sababu humpima barabara yeyote anayeandika tanzia kwa niaba ya kampuni. Hebu, msomaji, shika kalamu. Utaandika watano au saba? Wale wawili hawakuwa waajiriwa wako, lakini walikufa wakiwapeleka watu wako kazini. Ukiwataja watano tu, hukusema uongo, ila mjane wa dereva atakaposoma ataona mumewe amehesabiwa pamoja na gari.

Tanzia nyingi za makampuni nizisomazo huharibika katika sentensi ya kwanza. Huanza hivi: “Uongozi wa Kampuni, kwa masikitiko makubwa, unapenda kuwatangazia wateja wake wote...” Unapenda? Nani apendaye kutangaza kifo? Tena tazama mpangilio: uongozi umetangulia, wateja wamefuata, na marehemu yuko mstari wa tatu. Mimi ningeanza na jina lake kamili, kazi aliyoifanya, na mwaka alioianza, kisha, “amefariki dunia jana jioni kwa ajali ya gari, akiwa safarini kikazi.” Maneno hayo mawili ya mwisho yasiachwe. Ndiyo yanayokiri kwamba alitumwa.

Chanzo cha ajali kisiguswe. Kusema dereva alikuwa mwendo kasi, kabla polisi hawajamaliza kupima, ni kumshitaki asiyeweza kujibu. Wala jeneza na gari la kusafirisha mwili visiandikwe kama hisani. Aliyekufa kazini, wategemezi wake wana haki zao katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na msaada wa mazishi umo. Hayo huzungumzwa na ndugu, tena nyumbani.

Linalonisumbua zaidi ni “familia yetu ya kampuni”. Huku kwetu Dodoma msiba una mwenyewe. Yuko anayekaa mkekani na yuko anayekuja kutoa mkono wa pole. Kampuni iliyomtuma mtu haiwezi kutoa pole kwa mbali kama mpita njia, lakini haiwezi pia kumsogeza mama mzazi ikakaa yeye. Basi iseme, “Sisi tuliofanya naye kazi tumefiwa, na tunawapa pole wazazi, mjane na watoto wake.” Kisha itaje msiba uko wapi na mazishi ni lini, kama wenyewe wamekwisha kuamua. Kama hawajaamua, ingoje. Na nembo ya kampuni, ikibidi iwepo, iwe ndogo kuliko picha ya marehemu.